Longitudo na Saa: Kwa Nini Mchana wa Kigoma Huchelewa

Mtu akipiga simu kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma saa sita kamili mchana, saa za pande zote mbili huonyesha wakati ule ule. Lakini jua halikubaliani na saa hizo. Dar es Salaam jua huwa bado kidogo kufika kilele chake, na Kigoma hubaki muda wa saa nzima na zaidi kabla halijafika hapo. Chanzo cha tofauti hiyo ni mzunguko wa dunia.

Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na kulirudia jua kila baada ya saa 24. Duara zima lina nyuzi 360. Kwa hiyo katika saa moja dunia hugeuka nyuzi 15, na uzi mmoja huchukua dakika 4. Mahali palipo mashariki hulipata jua mapema, na palipo magharibi hulipata baadaye. Dar es Salaam ipo kwenye longitudo ya nyuzi 39.3 mashariki, na Kigoma nyuzi 29.6. Tofauti ni nyuzi 9.7, yaani karibu dakika 39.

Zamani kila mji ulifuata jua lake wenyewe bila matatizo, kwa kuwa hakuna msafiri aliyekwenda upesi kiasi cha kuona tofauti. Reli ndiyo iliyobadili mambo. Treni mbili zinazotumia njia moja ya chuma hupishana kwenye stesheni tu, kwa kufuata ratiba. Ikiwa stesheni mbili zinapishana dakika kadhaa katika kuhesabu saa, treni zinaweza kugongana. Ndiyo maana makampuni ya reli ya Uingereza yalianza kutumia saa ya London tangu mwaka 1840, na yale ya Marekani yakagawa nchi yao katika kanda za saa mwaka 1883. Mwaka uliofuata, mkutano wa mataifa uliofanyika Washington ulichagua mstari wa Griniwichi uwe longitudo ya sifuri.

Kwa mujibu wa hesabu, dunia hugawanywa katika kanda 24, kila moja ikiwa na upana wa nyuzi 15. Saa ya kanda hufuata mstari wa katikati, ili pasiwepo mahali panapopishana na jua kwa zaidi ya nusu saa. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, na mpaka wa kanda hiyo upande wa magharibi ungekuwa nyuzi 37.5. Mstari huo hupita katikati ya Tanzania, ukiiacha Moshi upande mmoja na Morogoro upande wa pili. Kama ungefuatwa, miji hiyo miwili ingetofautiana saa nzima. Kwa sababu hiyo mataifa hupindisha mipaka ya kanda ili watu wao wafuate saa moja.

Faida hiyo ina gharama yake. Kigoma iko nyuzi 15.4 magharibi ya mstari wa saa yake, hivyo kwa wastani jua hufika kileleni saa 7 na dakika 2 mchana. Asubuhi jua huchomoza karibu saa moja kamili, wakati ambapo kwa hesabu ya Kiswahili saa ya kwanza ya mchana ingepaswa kuwa imekwisha. Ng'ambo ya ziwa, huko Kalemie, watu hufuata kanda ya nyuzi 30. Msafiri avukaye hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, ingawa jua ni lile lile.

Wanafunzi wanaweza kupima jambo hili. Kijiti kisimamishwe wima kwa timazi, na duara lichorwe likikizunguka. Wakati ambapo ncha ya kivuli inagusa duara uandikwe asubuhi, kisha alasiri. Katikati ya nyakati hizo ndipo jua lilipokuwa kileleni. Tuseme huko Kigoma ncha imegusa saa 4:22 na saa 9:42. Katikati ni saa 7:02. Dakika 62 zikigawanywa kwa 4 ni nyuzi 15.5, na 45 kutoa 15.5 ni longitudo ya nyuzi 29.5.

Siku ya kupima ichaguliwe kwa uangalifu. Kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja, na mhimili wake umeinama, jua huwahi kwa dakika 16 mwanzoni mwa Novemba, na kuchelewa dakika 14 katikati ya Februari. Karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba tofauti hiyo hutoweka. Saa nayo irekebishwe kwanza kwa redio, kwani kosa la dakika moja huhamisha shule kiasi cha kilomita 28.