Saini ya Mkurugenzi Mpya Inaishia Wapi?

Azimio la bodi la kumteua mkurugenzi mtendaji mara nyingi halizidi ukurasa mmoja. Sehemu ya kwanza haisumbui: tarehe ya kikao, akidi kutimia, jina la mteule na siku ya kuanza kazi. Ugumu uko pale bodi inapoamua ni mikataba ipi ataisaini peke yake, na ipi lazima iletwe kwao kwanza.

Tuseme rasimu ya kampuni ya usafirishaji inasomeka hivi: "Mkurugenzi Mtendaji anaweza kusaini mikataba isiyozidi shilingi milioni 50." Maneno yanaonekana yametosha. Mara analetewa mkataba wa kupanga ghala, milioni 5 kwa mwezi, miaka 3. Ukitazama kodi ya mwezi, hajavuka kikomo. Ukijumlisha, kampuni imejifunga kulipa milioni 180. Kisha ananunua matairi ya milioni 80 kwa mikataba miwili ya milioni 40, muuzaji yuleyule, wiki ileile. Kwa jinsi azimio lilivyoandikwa, bodi haina pa kumshikia.

Mimi ningeandika: "mkataba ambao thamani yake yote, kwa muda wake wote, haizidi shilingi milioni 50, na mikataba ya mtu mmoja kwa kazi moja itahesabiwa kuwa mkataba mmoja." Kukopa, kuweka mali rehani na kudhamini deni la mtu mwingine ningeviweka kando kabisa: hivyo virudi kwa bodi hata kiasi kikiwa kidogo.

Hata hivyo, kikomo kilichofungiwa kabatini hakimzuii mtu wa nje kudai. Mwaka 1964 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya wasanifu majengo Freeman na Lockyer dhidi ya kampuni ya Buckhurst Park Properties. Mkurugenzi mmoja, Kapoor, hakuwahi kuteuliwa kuwa mtendaji, lakini wenzake walimwacha afanye kazi hiyo. Aliwapa wasanifu kazi, kampuni ikakataa kuwalipa, na mahakama ikaiamuru ilipe. Sheria za kampuni za Tanzania na Kenya zimetokana na mkondo huohuo wa Kiingereza.

Kwa hiyo azimio limtaje katibu wa kampuni na kumwagiza apeleke nakala iliyothibitishwa benki, na awaandikie wauzaji wakubwa kuhusu kikomo hicho. Lifute pia mamlaka ya mkurugenzi anayeondoka, kwa tarehe iliyotajwa, ili wasiwepo watu wawili wanaosaini kwa cheo kimoja. Nchini Tanzania, mteule akiingia pia kwenye bodi, BRELA ijulishwe ndani ya siku 14.

Siku mkurugenzi atakapovuka kikomo kwa mkataba wenye faida, bodi inaweza kuuridhia, mradi iandike uamuzi huo kwenye kumbukumbu za kikao na kusema kwamba ni kwa mkataba huo tu. Ikinyamaza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, muuzaji atakuwa na hoja ileile iliyowashindia wasanifu wale: wakubwa walijua, na wakamwacha.