Je, Bei ya Hisa Huvutwa Siku Opsheni Zinapoisha?

Ijumaa ya tatu ya kila mwezi, soko la New York linapokaribia kufungwa, opsheni za hisa za mwezi huo hufika mwisho wa uhai wake. Kwa anayefuatilia kutoka Dar es Salaam au Nairobi, saa hiyo ni 5 au 6 usiku, kutegemea msimu wa Marekani. Siku chache kabla, tovuti na programu za simu huonyesha namba moja inayoitwa bei ya maumivu makubwa, na wengi huamini kuwa hisa itavutwa hadi hapo kabla kengele haijalia. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ukweli wenyewe haukai pale wengi wanapoutafuta.

Opsheni ya kununua humpa mwenye nayo haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, na opsheni ya kuuza humpa haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa. Bei hiyo ndiyo bei ya utekelezaji. Marekani, mkataba mmoja wa kawaida hubeba hisa 100. Mikataba ambayo bado haijafungwa huhesabiwa kila siku, na mara nyingi hurundikana kwenye bei za utekelezaji zenye namba kamili, kama 50 au 100.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa fulani ina bei tatu za utekelezaji: dola 95, 100 na 105. Opsheni za kununua zilizo wazi ni 2,000 kwenye 95, 6,000 kwenye 100 na 8,000 kwenye 105. Za kuuza ni 7,000 kwenye 95, 5,000 kwenye 100 na 1,000 kwenye 105. Hisa ikifunga dola 95, opsheni za kununua hazina thamani yoyote, lakini zile 5,000 za kuuza kwenye 100 zinalipa dola 5 kwa kila hisa, na zile 1,000 kwenye 105 zinalipa dola 10. Jumla ni dola milioni 3.5. Ikifunga 105, jumla ni dola milioni 5. Ikifunga 100, malipo yote ni dola milioni 1.5 tu. Kwa hiyo bei ya maumivu makubwa ni 100: hapo wenye opsheni, wakichukuliwa kwa pamoja, hupata kidogo kabisa.

Kutoka hapo hadithi huenda mbio. Husemwa kuwa waliouza opsheni ni wakubwa wenye fedha, basi wataisukuma bei hadi 100 ili wasilipe. Kasoro kubwa ya maelezo haya ni kwamba hesabu ya mikataba iliyo wazi haisemi nani kauza na nani kanunua. Nyuma ya kila mkataba kuna pande mbili. Watengeneza soko, yaani kampuni zinazokaa tayari kununua na kuuza opsheni siku nzima, mara nyingine ndio walionunua, huku wawekezaji wa kawaida wakiwa ndio wauzaji. Isitoshe, kampuni hizo hazingoji bei ziamue hatima yao. Kwa kila opsheni wanayoishika hujikinga kwa kununua au kuuza hisa zenyewe.

Mvutano wa kweli hutoka kwenye kinga hiyo. Tuseme watengeneza soko wamenunua opsheni 5,000 za kununua kwenye bei ya 100. Hizo ni haki za hisa 500,000, na ili kujikinga wanauza hisa kwa kadiri ya uwezekano kwamba opsheni itaishia kuwa na thamani. Ijumaa mchana hisa iko dola 100.60, na kipimo cha kinga, kinachoitwa delta, ni kama 0.7. Wameshauza hisa 350,000. Bei isipotikisika, kila saa inayopita inaongeza uhakika kwamba opsheni itaisha na thamani, na delta inapanda kuelekea 1. Inabidi wauze hisa nyingine 150,000, na mauzo hayo huikandamiza bei kuelekea 100. Kama hisa ingekuwa 99.40 na delta 0.3, mambo yangegeuka: delta ingeshuka kuelekea 0, nao wangerudi sokoni kununua hisa 150,000, wakiinua bei kuelekea 100. Hapana njama hapa. Ni saa tu inayosonga.

Lakini geuza upande. Watengeneza soko wakiwa wameuza opsheni hizo badala ya kuzinunua, kinga yao huwataka wanunue bei inapokuwa juu ya 100 na wauze inapokuwa chini yake. Hapo bei husukumwa mbali. Rundo ni lile lile, matokeo ni kinyume.

Ushahidi mzito zaidi ulichapishwa mwaka 2005 na Sophie Ni, Neil Pearson na Allen Poteshman. Waligundua kuwa siku za kuisha kwa opsheni, hisa zenye opsheni hufunga karibu na bei za utekelezaji mara nyingi zaidi kuliko kawaida, wakati hisa zisizo na opsheni hazionyeshi badiliko hilo. Ulinganisho huo ndio unaoipa kazi yao uzito, kwa kuwa watu hupenda namba kamili hata pasipo opsheni. Kwa kuwa takwimu zao zilitenganisha aina za wafanyabiashara, waliweza kuona kuwa kinga za watengeneza soko ni sehemu ya chanzo. Waliona pia dalili kwamba kampuni zinazofanya biashara kwa fedha zao wenyewe zilichezea bei, kwa hiyo tuhuma za mitaani si uzushi mtupu.

Ukubwa wake? Kwa wastani, badiliko la angalau asilimia 0.165 ya bei katika siku hiyo moja. Kwa hisa ya dola 100, hiyo ni senti kumi na sita na nusu. Hisa ya kawaida inaweza kupanda au kushuka dola moja au mbili kwa siku bila sababu yoyote ya maana, na mfanyabiashara mdogo anaweza kuzimaliza senti hizo kwa gharama za kuingia na kutoka tu. Kwa soko zima, watafiti walikadiria mabadiliko ya thamani ya takriban dola bilioni 9 kila siku ya kuisha. Athari ipo, lakini haitoshi kumwongoza mtu kuweka fedha zake.

Mwaka 2012 Benjamin Golez na Jens Jackwerth walichunguza mikataba ya baadaye ya S&P 500 na kukuta sura zote mbili: kwa aina moja ya opsheni bei ilivutwa kuelekea bei ya utekelezaji iliyo karibu, na kabla ya kuisha kwa aina nyingine ilisukumwa mbali nayo.

Hatari ya kudhani umejua nani kashika nini ilionekana kwa GameStop. Ijumaa tarehe 22 Januari 2021 hisa hiyo ilifunga zaidi ya dola 65, na wengi waliamini kuwa watengeneza soko walikuwa wameuza opsheni za kununua na sasa wanalazimika kununua hisa kwa fujo. Ripoti ya wafanyakazi wa tume ya masoko ya Marekani, iliyotoka Oktoba mwaka huo, ilisema haikupata ushahidi wa hilo: takwimu zilionyesha watengeneza soko wakinunua opsheni za kununua, si kuziuza.

Kuna mtego mwingine, nao ndio unaowanasa wengi. Mikataba mipya hufunguliwa karibu na bei ya wakati huo, hivyo bei ya maumivu makubwa huifuata hisa. Ijumaa zikikaribiana, mtu husema bei imevutwa, kumbe namba ndiyo iliyohama. Anayetaka kujua aandike Jumatatu bei ya maumivu makubwa na bei ya hisa, asizibadilishe tena. Ijumaa apime bei ya kufunga iko umbali gani kutoka kwa kila moja, na arudie kwa hisa nyingi na miezi mingi. Kama namba ya maumivu haikaribii bei ya kufunga kuliko bei ya Jumatatu yenyewe, haijamwambia kitu ambacho hakukijua tangu Jumatatu.