Kusoma Madoa ya Dawa: Kutoka Picha ya Simu hadi Kipimo cha Rf

Picha imepigwa kwa simu katika chumba chenye giza, chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno. Ndani yake kuna bamba dogo la urefu wa sentimita 10 linalong'aa rangi ya kijani, na juu ya ukijani huo yako madoa sita meusi. Asiyezoea ataona madoa tu. Mkemia ataona kidonge cha maumivu kilichotenganishwa viungo vyake vitatu: aspirini, parasetamoli na kafeini.

Mbinu hiyo huitwa kromatografia ya tabaka jembamba. Bamba hupakwa unga laini wa silika. Karibu sentimita moja kutoka ukingo wa chini huchorwa mstari wa penseli, na juu ya mstari huo hudondoshwa vitone vidogo vya dawa iliyoyeyushwa. Kalamu ya wino haifai, kwa sababu wino nao una rangi zitakazopanda pamoja na dawa na kuharibu kila kitu. Bamba husimamishwa ndani ya chombo chenye kina kidogo cha kiyeyushi, kisha chombo hufunikwa. Kiyeyushi hupanda polepole kikibeba dawa. Kwa vidonge vya aina hii, ethili asetati iliyotiwa tone la asidi ya asetiki hufanya kazi vizuri.

Viungo havipandi kwa mwendo mmoja. Kafeini hung'ang'ania silika, hivyo inaenda kama daladala inayosimama kila kituo; aspirini hushikwa kidogo, ikafika mbali. Parasetamoli hubaki katikati. Kiyeyushi kikikaribia ukingo wa juu, bamba hutolewa, na papo hapo mahali kilipofika huwekewa alama ya penseli. Ethili asetati hukauka upesi. Alama hiyo ikisahauliwa, hakuna picha itakayoweza kuirudisha, na bila hiyo hakuna hesabu.

Viungo vyote vitatu havina rangi. Ndiyo maana silika ya bamba hili imechanganywa na kemikali inayong'aa kijani inapopigwa na mwanga wa nanomita 254. Penye dawa, mwanga humezwa, pakaonekana doa jeusi. Wanga unaoshikilia kidonge hauonekani hapa, kwa hiyo picha haituonyeshi kila kilichomo. Mwanga huu pia huumiza macho: taa haitazamwi moja kwa moja.

Sasa tuingie kwenye picha yenyewe. Tunahesabu njia nne kutoka kushoto. Ya kwanza ni kafeini safi, ya pili parasetamoli safi, ya tatu aspirini safi, na ya nne ni kidonge tunachokichunguza. Njia tatu za mwanzo zina doa moja moja. Ya nne ina matatu.

Kipimo tunachokitafuta huitwa Rf. Ni umbali ambao doa limesafiri, ukigawanywa kwa umbali ambao kiyeyushi kimesafiri, vyote viwili vikipimwa kuanzia mstari wa penseli wa chini. Wengi hukosea hapo: hupima kuanzia ukingo wa bamba, jibu likaharibika. Doa nalo hupimwa hadi katikati yake, si kwenye kilele.

Kwa kuwa Rf ni uwiano, haina kizio. Ukipima kwa milimita kwenye bamba au kwa pikseli kwenye picha, jibu ni lilelile, hata picha ikikuzwa. Jambo la kuangalia ni kwamba programu nyingi za picha huhesabu pikseli kuanzia juu kwenda chini. Kwenye picha yetu mstari wa kuanzia uko kwenye pikseli 1800, na kikomo cha kiyeyushi kiko kwenye 300. Kiyeyushi basi kimesafiri 1800 − 300, yaani pikseli 1500.

Katika njia ya nne, katikati ya doa la chini ni pikseli 1650, la kati 1170, na la juu 795. Kila moja tunalitoa kwenye 1800, kisha tunagawanya kwa 1500:

Doa la chini: 150 ÷ 1500 = 0.10
Doa la kati: 630 ÷ 1500 = 0.42
Doa la juu: 1005 ÷ 1500 = 0.67

Rf haiwezi kuwa chini ya 0 wala kuzidi 1. Ukipata 1.2, umegeuza kugawanya au umeanzia mstari usio wake.

Tunarudia hesabu kwa njia tatu za dawa safi. Kafeini inatoa 0.10, parasetamoli 0.42, aspirini 0.67. Madoa ya kidonge yamelingana nazo moja kwa moja. Tunaandika tarakimu mbili tu baada ya nukta. Kwenye picha hii milimita moja ni pikseli 20, na kukosea katikati ya doa kwa nusu milimita kunabadilisha jibu kwa karibu 0.007. Tarakimu ya tatu ingekuwa mapambo.

Simu ikiinamishwa, mambo hubadilika. Sehemu ya juu ya bamba ikiwa mbali zaidi na kamera, huonekana imejibana. Tuseme rula iliyolazwa kando ya bamba inaonyesha sentimita moja kuwa pikseli 200 kwenye mstari wa kuanzia, lakini takriban 140 kwenye kikomo cha kiyeyushi. Parasetamoli ileile ya 0.42 itasomeka karibu 0.46. Kwa hiyo weka rula pembeni kabla ya kupiga picha, na ukague kama sentimita zake zinalingana juu na chini. Zisipolingana, piga upya. Na kama kikomo cha kiyeyushi kimepinda, pima kila njia hadi kikomo kilicho juu yake moja kwa moja.

Doa lenye mkia mrefu mara nyingi ni ishara kwamba dawa iliyowekwa ilikuwa nyingi mno. Katikati yake haijulikani, na dawa ya kufanya ni kuichanganya zaidi na kiyeyushi, kisha kurudia. Aspirini, ambayo ni asidi, huweza kuvuta mkia hata ikiwa kidogo. Tone la asidi ya asetiki huwekwa kuuzuia.

Linabaki swali kubwa: je, Rf ya 0.42 inathibitisha parasetamoli? Hapana. Vitu tofauti vinaweza kuwa na Rf moja, na kitu kimoja kinaweza kubadilika Rf kikibadilishiwa kiyeyushi, aina ya bamba, au hata kwa unyevu uliofyonzwa na silika. Namba ya kitabuni haitoshi. Dawa safi lazima ipande kwenye bamba lilelile, siku ileile. Ukitaka uhakika zaidi, dondosha dawa safi na kidonge juu ya kitone kimoja: yakitokea madoa mawili yaliyokaribiana, vilikuwa vitu viwili.

Sanduku la Minilab, linalotumika kukagua dawa katika nchi nyingi ikiwemo Tanzania, hufuata kanuni hiyo. Dawa inayokaguliwa hupandishwa kando ya vipimo viwili vya dawa halali, kimoja cha asilimia 100 na kingine cha asilimia 80. Mahali pa doa panaeleza ni dawa gani. Ukubwa na weusi wake huashiria kama kiasi kinatosha. Weusi huo haulinganishwi kati ya picha mbili, kwa sababu simu hujirekebishia mwanga yenyewe.

Kwa hiyo ukipewa picha ya bamba, uliza kwanza mambo matatu: mstari wa kuanzia uko wapi, kikomo kiliwekewa alama, na dawa safi ya kulinganisha ipo? Kimoja kikikosekana, usitoe namba; omba bamba lirudiwe.