Tanzia ya Ofisini

Mhasibu akifariki usiku, kundi la WhatsApp la ofisi huweza kujaa "poleni" kabla ndugu zake wote hawajapata habari. Ndiyo maana ofisa rasilimali watu humpigia kwanza msemaji wa familia: nini kitangazwe, msiba uko wapi, mazishi lini. Chanzo cha kifo hakiandikwi bila ridhaa yao.

Waliofanya naye kazi kwa karibu huambiwa ana kwa ana, kisha tangazo hufuata.

Ruhusa ndiyo hutatiza. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 4 kwa msiba wa mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu. Mfanyakazi mwenza hatajwi. Basi tangazo lieleze nani ataruhusiwa kwenda kuzika, basi litaondoka saa ngapi, rambirambi anapokea nani na mshauri nasaha anapatikana wapi. Marehemu akiwa Mwislamu, huenda akazikwa siku hiyohiyo. Tangazo la jioni litakuwa limechelewa.