Makato Ni Yale Yale, Deni Si Lile Lile

Kama umeajiriwa Migori au Homa Bay na mshahara wako unapitia benki, hii simu utaipokea siku moja. Sauti tamu ya afisa wa mikopo inakuambia: "Umelipa vizuri sana. Tunaweza kukuongezea pesa, na makato yako hayatabadilika hata shilingi." Na si uongo. Shida iko kwa kile hajataja.

Tuseme wewe ni mwalimu pale Rongo, mshahara wako wa msingi ni 36,000. Ulikopa 300,000 za miezi 48, riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa deni lililobaki. Kila mwezi, kabla mshahara haujagusa akaunti yako, mwajiri anakata kama 8,500 na kuzituma benki. Huoni, huguswi, hata husahau kulipa.

Sasa angalia hizo 8,500 zinavyogawanyika. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 4,000, kwa hivyo deni lenyewe linapungua kwa 4,500 tu. Ukiendelea kulipa, riba inashuka polepole na sehemu inayopunguza deni inaongezeka. Yaani miezi ya mwanzo ndiyo benki inavuna zaidi, na ile ya mwisho ndiyo yako.

Baada ya mwaka mmoja na nusu umelipa kama 153,000. Ungedhani deni limebaki nusu, si ndio? Hapana. Limebaki karibu 209,000, kwa sababu zaidi ya 60,000 zilienda kwa riba.

Hapo ndipo simu inapigwa. Januari imefika, karo inadaiwa, na unakubali kuongezewa, ile wengi wanaita topapu. Unaandikiwa tena 300,000 za miezi 48. Benki inajilipa kwanza zile 209,000 za zamani, zinabaki 91,000. Kisha ada ya kushughulikia mkopo na bima. Tuseme zote ni asilimia 3, na hapa kuwa macho: inapigwa kwa 300,000 yote, hata ile sehemu uliyokuwa umeshailipia ada mara ya kwanza. Hiyo ni 9,000. Mkononi unapata 82,000.

Makato? 8,500, vile vile. Lakini ulikuwa umebakisha miezi 30, sasa ni 48. Umeongeza miezi 18. Zidisha kwa 8,500: ni 153,000. Hiyo ndiyo bei ya zile 82,000 ulizobeba. Na riba imerudi pale pa mwezi wa kwanza, 4,000. Ukirudia tena baada ya mwaka na nusu, hiyo miezi ya mwisho, ile yako, hutaiona kamwe.

Mbona watu wanakubali? Kwa sababu mara nyingi hakuna mlango mwingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mtumishi wa umma, theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki. Kwako ni 12,000. Lakini kabla ya mkopo kuna kodi ya mapato, mchango wa pensheni, SHA asilimia 2.75 na ya nyumba asilimia 1.5. Ongeza SACCO, na hati ya mshahara inajaa. Mkopo mpya haungii. Kuongezewa kunaingia kwa sababu makato hayasongi, muda ndio unanyooshwa. Theluthi inalinda chakula chako cha mwezi huu, hailindi miaka yako.

Na kama ni mfanyakazi wa kaunti, kuna hatari nyingine. Mishahara ya kaunti imewahi kuchelewa mara nyingi. Isipoingia, makato hayaendi, lakini riba haijui kama mshahara umechelewa.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, omba benki ikuandikie mambo matatu: salio la deni la leo, pesa kamili utakazopata mkononi, na tarehe mpya ya kumaliza. Hesabu miezi iliyoongezeka, zidisha kwa makato, kisha weka jibu kando ya pesa za mkononi.

Kama hati yako bado ina nafasi, uliza mkopo mdogo wa kando unaoisha pamoja na ule wa kwanza. Kupata zile zile 82,000 ungekopa kama 85,000 kwa riba hiyo hiyo, ukatwe takriban 3,450 zaidi kwa miezi 30. Jumla ni kama 104,000. Mwezi utabana zaidi, ni kweli, lakini utaokoa karibu 49,000 na tarehe yako ya kumaliza haisogei.

Afisa akikuambia makato hayabadiliki, muulize swali moja tu: yanaisha lini?