Namba na Herufi za Sidiria

Lebo ya sidiria hubeba namba na herufi: 34B, 36C, au 75D kwa zinazotoka bara Ulaya. Namba ni ya mkanda, yaani sehemu inayozunguka mbavu chini ya matiti na kufungwa mgongoni kwa kulabu. Herufi ni ya kikombe. Wateja wengi huzisoma mbali mbali, na si ajabu kumsikia mtu dukani akisema yeye huvaa C, basi. Lakini C peke yake haina ukubwa wowote. Herufi hutaja tofauti kati ya mzingo wa kifua kwenye matiti na mzingo wa mbavu chini yake, kwa hiyo kikombe cha C kwenye mkanda wa 32 ni kidogo sana kikilinganishwa na cha C kwenye mkanda wa 38. Wanawake wawili wanaovaa C wanaweza wasifanane hata kidogo.

Vipimo vinavyohitajika ni viwili tu, na futi ya fundi cherehani inatosha. Cha kwanza huchukuliwa chini kabisa ya matiti, pale titi linapoota kwenye mbavu. Futi izunguke mwili ikiwa sawa, isipande mgongoni. Kioo au mtu wa pili husaidia hapa, kwa sababu mgongoni ndiko futi inakopenda kuparama bila mpimwaji kujua. Pumzi hutolewa nje, kisha futi hukazwa hadi ishike bila kuuma. Mwenye nyama laini mbavuni hukaza zaidi kidogo, kwani nyama hiyo itabonyea vivyo hivyo chini ya mkanda. Mwembamba wa mifupa hana haja ya kukaza sana.

Kipimo cha pili hupita kwenye ncha za matiti, mahali kifua kinapojaa zaidi, na safari hii futi hailazwi kwa nguvu, iguse tu. Mwili uwe mtupu au ndani ya sidiria nyepesi isiyo na sponji, maana sponji nayo hupimwa na kuongezwa kwenye hesabu. Matiti yaliyolainika, kwa mfano baada ya kunyonyesha, huleta shida: mwanamke akisimama, sehemu ya nyama hushuka chini ya mstari wa futi na haipimwi. Dawa yake ni kupima mara mbili, kwanza akiwa amesimama, kisha akiwa ameinama mgongo ukiwa sambamba na sakafu, halafu kuchukua wastani wa vipimo hivyo viwili.

Tuseme mwanamke amepata sentimita 75 chini ya matiti. Kwenye matiti amepata 92 akiwa amesimama na 96 akiwa ameinama, hivyo wastani ni 94. Kwa mfumo wa bara Ulaya hesabu yake ni nyepesi. Namba za mkanda hupanda kwa 5, yaani 65, 70, 75, 80 na kuendelea, na kila moja huchukua mbavu zilizo karibu nayo: mkanda wa 75 ni wa mbavu za sentimita 73 hadi 77. Mwanamke huyu yuko katikati kabisa. Tofauti ya vipimo vyake ni 94 kutoa 75, yaani 19. Kikombe cha A huanzia tofauti ya sentimita 12 hadi 14, na kila herufi huongeza 2: B hadi 16, C hadi 18, D hadi 20. Kumi na tisa imeangukia D. Saizi yake ni 75D.

Akienda dukani Dar es Salaam au Mombasa, aghalabu atakuta namba za 34, 36 na 38, ambazo ni za mfumo wa Uingereza na Marekani. Mkanda wa 75 unalingana na 34, na lebo nyingi huandika zote mbili. Hapo msomaji makini atashtuka, kwa sababu inchi 34 ni sentimita 86, wala si 75. Siri iko kwenye mazoea ya zamani: mbavu zilipimwa kwa inchi, kisha ikaongezwa inchi 4, au 5 kama kipimo kilikuwa namba witiri. Mbavu za sentimita 75 ni karibu inchi 30. Ongeza 4, unapata 34. Namba hiyo imebaki kwenye lebo ingawa si kipimo cha mbavu.

Mazoea hayo yana athari kwenye herufi pia. Anayefuata njia ya kuongeza hutoa hiyo 34 kwenye mzingo wa matiti, ambao kwa mwanamke wetu ni inchi 37, na kupata 3. Kwa njia hiyo inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C. Mwanamke yule yule aliyekuwa 75D sasa ni 34C, ilhali mkanda ni mmoja. Njia ya kuongeza huelekea kutoa kikombe kidogo, na kadiri matiti yanavyokuwa makubwa ndivyo kosa lake linavyoonekana zaidi. Wapo wapimaji wa siku hizi wasioongeza chochote, nao humpeleka kwenye mkanda mdogo zaidi wenye herufi ya mbali zaidi. Mahali pa kuanzia penye usalama ni kwenye sentimita, kisha mwili wenyewe useme.

Kwa nini mkanda upewe uzito wote huu? Kwa sababu ndio unaobeba. Matiti yananing'inia mbele, na kinachoyazuia yasivute chini ni mkanda ulioshika mbavu. Kamba za mabegani hukamilisha tu, na kuweka kikombe mahali pake. Mkanda ukilegea, kazi yote huhamia mabegani, na kamba huanza kuchora mifereji kwenye ngozi. Mkanda unaofaa hulala mgongoni kwa usawa ule ule wa mbele, na vidole viwili hupita chini yake kwa kubanwa kidogo. Ukipanda juu kuelekea kwenye mabega, ni mkubwa, hata kama lebo inasema vingine. Sidiria mpya hujaribiwa kwenye kulabu za mwisho, zile za nje kabisa. Mpira hulegea kwa kufuliwa, na safu za ndani zimewekwa kwa ajili ya siku hizo. Anayefunga safu ya ndani siku ya kwanza hana pa kukimbilia baada ya miezi michache.

Sasa namba na herufi zikutane. Mkanda ukipanda hatua moja, kikombe cha herufi ile ile nacho hukua kwa hatua moja. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha mkanda bila kugusa ujazo wa kikombe lazima ahamishe herufi upande wa pili: mkanda ukipanda, herufi ishuke, mkanda ukishuka, herufi ipande. Vikombe vya 34D, 36C na 38B vina ujazo mmoja. Dukani hizi huitwa saizi dada. Kama mwanamke wetu akiona 34D inambana kidogo mbavuni lakini vikombe vimemkaa sawa, ajaribu 36C, asikimbilie 36D, ambayo ingempa kikombe kikubwa kuliko matiti yake.

Kanuni hii pia ndiyo inayoeleza kosa linaloonekana kila siku sokoni. Mwanamke wa 34D anaingia dukani na kukuta B na C tu, kwa maana wauzaji wengi hujaza hizo. Anajaribu 34C, matiti yanamwagika juu ya kikombe. Muuzaji anamwambia, “Dada, chukua 36.” Anavaa 36C, na ajabu, vikombe vimeenea, kwa sababu ujazo wake ni ule wa 34D. Anaondoka ameridhika. Mpira bado mpya, kwa hiyo mkanda unashika kiasi. Baada ya kufuliwa mara kadhaa mkanda unapanda mgongoni, anakaza kamba ili kufidia, mabega yanauma, naye anahitimisha kwamba sidiria zote ni mateso. Muuzaji hakumdanganya kuhusu kikombe. Alimpa kikombe sahihi kwa kumnyang'anya mkanda.

Liko pia kosa la upande wa pili, gumu zaidi kulitambua. Kikombe kikiwa kidogo, matiti husukuma sidiria mbele na kuvuta urefu wa mkanda, na mvaaji huhisi mkanda unabana ilhali tatizo liko mbele. Kuna jaribio rahisi la kutenganisha mambo haya: sidiria ivaliwe kinyume, vikombe vikiwa mgongoni na kulabu zikiwa mbele, pasipo matiti ndani ya vikombe. Mkanda ukishika vizuri namna hiyo, mkanda hauna kosa. Herufi ndiyo inayotakiwa kupanda. Ukibana hata hivyo, basi namba ni ndogo kweli. Dalili nyingine za kikombe kidogo ni waya kukaa juu ya nyama ya titi, hasa upande wa kwapa, na kile kipande cha katikati kati ya vikombe kuelea mbali na mfupa wa kifua badala ya kulala juu yake. Kikombe kikubwa hujionyesha kwa kitambaa kujikunja au kuacha uwazi.

Anayenunua mitumba ana kazi ya ziada. Kwanza, lebo zinatoka mifumo tofauti. Ufaransa, Ubelgiji na Uhispania huongeza 15 kwenye namba ya bara Ulaya, hivyo 90 ya Ubelgiji ni 75 ya Ujerumani, na mtu mwenye mbavu za 90 akiinunua hataweza hata kuifunga. Herufi zinazofuata D nazo hazilingani: Uingereza huenda DD, E, F, Marekani DD, DDD, na bara Ulaya E, F, G. F ya Uingereza iko hatua tatu baada ya D, na ya Ujerumani hatua mbili. Pili, mpira umeshatumika. Mkanda uvutwe hadi mwisho wake na kupimwa kwa futi kutoka kulabu hadi vitanzi. Ukinyooka na kupita mzingo wa mbavu kwa mbali, sentimita 10 au zaidi, hautashika, hata ukiwa na namba iliyo sawa.

Futi haioni kila kitu. Haijui kama titi limejaa juu au chini, wala kama shina lake ni pana au jembamba, na wanawake wawili wa 75D wanaweza kuhitaji vikombe vya mkato tofauti. Mama anayenyonyesha hubadilika kabla na baada ya kunyonyesha, kwa hiyo kipimo chake kichukuliwe matiti yakiwa yamejaa, na sidiria isiyo na waya humfaa zaidi. Na pale titi moja linapolizidi jingine, jambo la kawaida kabisa, kikombe huchaguliwa kwa lile kubwa. Upande mdogo hukazwa kamba kidogo au kuwekewa pedi nyembamba.