Sabuni ya unga: Weupe wa nguo si kipimo cha usafi

Mwezi Juni na Julai baridi ya Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, hufanya kila mtoto avae sweta. Nyingi ni za mitumba na baadhi zimefumwa kwa sufu. Hapo ndipo sabuni ya unga yenye vimeng'enya, au enzaimu, inapoweza kukutia hasara.

Vimeng'enya ni protini zinazokatakata uchafu vipande vidogo ili maji yauondoe. Kipo cha kukata mafuta na kipo cha kukata wanga wa uji. Cha kukata protini hushughulikia damu, maziwa na jasho. Tatizo ni kwamba sufu na hariri nazo ni protini. Ukiloweka sweta la sufu usiku kucha, kimeng'enya hicho hula nyuzi taratibu. Baada ya kufua mara kadhaa linalegea na kutoboka.

Huna uhakika kama ni sufu? Chomoa uzi mmoja kwenye mshono, uchome mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda. Sweta la sufu lifue kwa shampuu kidogo kwenye maji ya baridi, bila kusugua.

Shati la pamba la shule lenye damu ni tofauti. Lisuuze kwanza kwa maji ya baridi, kisha liloweke kwenye sabuni yenye vimeng'enya, maji ya uvuguvugu, kwa nusu saa hadi saa moja. Maji ya baridi sana ya mlimani huvichelewesha vimeng'enya, na yanayochemka huviharibu, tena hugandisha damu kwenye kitambaa.

Je, ule weupe wenye rangi ya samawati? Hutokana na kemikali ya kung'arisha, ambayo hubaki kwenye nguo makusudi. Hunyonya miale ya jua isiyoonekana na kutoa mwanga wa samawati, hivyo unjano haujitokezi. Peleka shati hilo dukani Morogoro mjini, chini ya taa ya kukagulia noti, utaliona linawaka. Kemikali hiyo haiondoi uchafu wala haiui vijidudu. Ukimwaga unga mkavu juu ya kaki, huweza kuacha mabaka meupe.

Chandarua chenye dawa nacho kiepushe na sabuni ya unga, kwani ukali wake hupunguza dawa. Tumia sabuni ya kipande na maji ya baridi, kisha kianike kivulini.

Na wewe unayefua kwa mikono, ikiwa vidole vimepasuka, usivitumbukize kwenye povu la sabuni ya unga. Vaa glavu, suuza nguo za mtoto mara mbili au tatu, na mipasuko isipopona nenda kituo cha afya.